Picha ya skrini, logi fupi au ripoti nzima ya simu: umtumie msanidi nini programu inapojifunga

Natengeneza programu ya daftari la mauzo kwa ajili ya maduka madogo, na naitengeneza peke yangu, katika chumba kimoja Sinza. Sina dawati la huduma kwa wateja. Programu ikijifunga kwenye duka la Kariakoo, habari inanifikia mimi mwenyewe kwa Wasapu, na kazi nitakayoweza kufanya siku hiyo inategemea kilichomo kwenye ujumbe huo. Watumiaji wengi wananiuliza watume nini hasa: picha, logi, yaani kumbukumbu ya matukio ambayo simu hujiandikia, au lile faili kubwa ambalo simu yenyewe inaweza kulitengeneza. Nitajibu kwa kutumia hitilafu moja iliyonifikia kwa njia mbili tofauti ndani ya wiki moja.

Ya kwanza ilitoka kwa mama mmoja wa Kariakoo mwenye duka la vitambaa na vifaa vya ushonaji. Alinitumia ujumbe wa sauti: "Mwanangu, hii programu inanitupa nje. Jana ilikuwa nzuri, leo kuna bidhaa inakubali na kuna bidhaa inakataa. Nisaidie, wateja wamesimama hapa." Akaongeza picha ya skrini yenye lile dirisha dogo linalosema programu imesimama.

Ya pili ilitoka kwa kijana anayeuza vifaa vya simu Tandika, ambaye hunijaribia matoleo mapya. Yeye aliandika:

> Kaka, Daftari toleo 2.3.1, simu yangu ni Android 10.
> 1. Fungua Mauzo ya Leo.
> 2. Gusa mauzo yaliyokwisha kuhifadhiwa ya bei 12,500.
> 3. Bei usiiguse. Badilisha idadi tu, kutoka 1 kuwa 2.
> 4. Gusa Hifadhi.
> Nilitarajia idadi iwe 2 na jumla isome 25,000.
> Badala yake programu inajifunga papo hapo, na nikiifungua tena idadi bado ni 1.
> Nimejaribu mara 5, mara zote 5 imejifunga. Mauzo ya bei 800 nimejaribu mara 3, hayana shida.
> Faili ajali.txt nimeambatisha. Saa ya simu ilisoma 10:42.

Hitilafu ni ileile. Kwa ujumbe wa mama nilihangaika siku mbili bila kuiona. Ujumbe wa kijana ulinifikisha kwenye mstari wenye kosa kabla chai haijapoa.

Kila ujumbe ulibeba nini

Simlaumu mama yule hata kidogo, na ukisikiliza vizuri, maneno yake yalikuwa na dalili mbili za kweli. "Jana ilikuwa nzuri" ilimaanisha kwamba simu yake ilipakua toleo jipya usiku. "Kuna bidhaa inakubali na kuna bidhaa inakataa" ilimaanisha kwamba tatizo linafuata bei: zipu ya 800 na vifungo vya 500 vilipita, kitenge cha 12,500 kikagoma. Ila mimi sikuweza kujua hayo kutokana na sauti ile. Niliposikia "bidhaa" nilidhani tatizo liko kwenye orodha ya bidhaa, nikaanza kuhangaika na majina yenye herufi za ajabu. Nilisajili bidhaa mpya ishirini kwenye simu yangu, nikaandika mauzo mapya ya kila moja, na hakuna hata moja lililojifunga. Kosa halikuwa kwenye kuandika mauzo mapya. Lilikuwa kwenye kurekebisha ya zamani.

Hapo ndipo hatua za kijana wa Tandika zinapotofautiana na maelezo ya kawaida. Angalia hatua ya tatu: "Bei usiiguse." Mtu mwingine angeandika tu "rekebisha mauzo kisha hifadhi", na mimi ningefungua mauzo, nikafuta bei, nikaandika nyingine, nikagusa Hifadhi, na kila kitu kingekwenda salama. Ningemjibu kwamba kwangu haitokei. Maneno yale mawili ndiyo yaliyobeba hitilafu nzima, na yeye hakujua sababu yake. Aliandika alichokifanya na alichokiacha, bila kuruka.

Matokeo aliyotarajia nayo yalikuwa na uzito. Aliandika namba: idadi 2, jumla 25,000. Angeandika "ifanye kazi vizuri", ningeweza kuzuia programu isijifunge na kuhesabu kazi imekwisha, kumbe jumla inasoma 24. Hilo si la kufikirika. Ukikata namba kwenye koma ili kukwepa ajali, 12,500 inakuwa 12, na mara mbili yake ni 24. Programu haijifungi tena, lakini daftari la mtu limeharibika kimyakimya, jambo ambalo ni baya kuliko kujifunga.

Halafu kuna ule mlinganisho wake mdogo wa 12,500 na 800. Mtu anayenipa kisa kinachogoma pamoja na jirani yake kisichogoma ananipunguzia nusu ya kazi, kwa kuwa natafuta tu kitu kinachovitofautisha viwili hivyo. Hapa kilikuwa koma.

Neno moja kuhusu saa, maana limenipotezea muda zaidi ya mara moja. Sisi tunasema saa nne na dakika arobaini na mbili asubuhi, na kwenye logi tukio hilohilo limeandikwa 10:42. Mtu akiniandikia "saa 4:42" bila neno asubuhi, natafuta alfajiri na kukuta simu ilikuwa imelala. Andika kile ambacho saa ya simu inasoma, kwa tarakimu zilezile.

Picha ya skrini

Sasa tuje kwenye kiambatisho. Picha ya skrini ina kazi yake: kitu kikionekana vibaya, kwa mfano maandishi yamepandana, kitufe kimefichwa na kibodi, au jumla inasoma namba isiyo sahihi, picha inashinda maelezo yoyote. Kwa programu inayojifunga, picha ni dhaifu sana. Lile dirisha la kusema programu imesimama ni la simu, na linafanana kwa kila ajali. Halisemi ni mstari gani wala kwa nini. Picha ya mama iliniambia kwamba programu imejifunga, jambo ambalo sauti yake ilikuwa imekwisha kuniambia.

Wapo wanaofungua logi kwenye kompyuta kisha wakaipiga picha kwa simu. Tafadhali usifanye hivyo. Siwezi kutafuta neno ndani ya picha, Wasapu inaibana hadi tarakimu 8 na 3 hazitofautiani, na karibu kila mara mistari ninayoihitaji imebaki nje ya fremu. Tuma faili lenyewe kama dokumenti.

Logi fupi ya ajali

Hiki ndicho kijana wa Tandika alichoambatisha, na kwa ajali nyingi ndicho ninachokichagua mbele ya vingine vyote. Simu ya Android huandika matukio yake kwenye mapipa kadhaa ya kumbukumbu, na mojawapo ni la ajali pekee. Ukilisoma hilo tu unapata faili la kilobaiti chache, ambalo hata bando la mwisho wa mwezi halitalihisi.

Inahitaji kompyuta, waya na maandalizi ya mara moja. Kwenye simu unaingia Mipangilio, sehemu ya Kuhusu simu, unagusa namba ya muundo mara saba ili chaguo za wasanidi zifunguke, kisha humo unawasha utatuzi wa USB. Kwenye kompyuta unaweka vifaa viitwavyo platform-tools. Ukichomeka waya, simu inauliza kama unaiamini kompyuta hiyo, unakubali. Halafu unafungua dirisha la amri ndani ya folda ya vifaa hivyo na kuandika:

```
adb devices
adb logcat -b crash -d > ajali.txt
```

Amri ya kwanza inathibitisha kwamba simu inaonekana. Orodha ikija tupu, mara nyingi kosa ni la waya: nyingi za bei poa tunazonunua barabarani zinapitisha chaji tu, hazipitishi data. Ikisoma `unauthorized`, hujakubali lile swali kwenye skrini ya simu. Amri ya pili inamwaga pipa la ajali kwenye faili kisha inaacha. Kwenye Windows iandike kwenye Command Prompt, kwa sababu PowerShell ya zamani huhifadhi faili kwa usimbaji mwingine, na programu ninazotumia kutafuta maneno ndani ya logi haziuoni vizuri.

Faili la kijana, nikiondoa tarehe na mistari ya mwisho isiyohusika, lilisomeka hivi:

```
E AndroidRuntime: FATAL EXCEPTION: main
E AndroidRuntime: Process: tz.mfano.daftari, PID: 14233
E AndroidRuntime: java.lang.NumberFormatException: For input string: "12,500"
E AndroidRuntime:   at java.lang.Integer.parseInt(Integer.java:615)
E AndroidRuntime:   at tz.mfano.daftari.Rekebisha.hifadhi(Rekebisha.kt:88)
```

Soma kutoka juu. Mstari wa pili unasema ni programu yangu na si nyingine. Wa tatu unataja aina ya kosa na kitu kilicholisababisha: kuna mahali palipotakiwa namba, pakaletwa maandishi 12,500 yakiwa na koma ndani. Wa nne ni wa mfumo wa Java, si wangu. Wa tano ndio wangu, faili Rekebisha.kt, mstari wa 88. Nilifungua hapo nikakuta hivi:

```
sehemuBei.setText(String.format("%,d", mauzo.bei))
// mistari kadhaa chini
val bei = sehemuBei.text.toString().toInt()
```

Wateja waliniomba koma kwenye bei ili zisomeke kwa urahisi, nami nikaziweka kwenye toleo 2.3.1. Mstari wa kwanza unaandika bei kwenye kisanduku ikiwa na koma, na wa mwisho unasoma maandishi yaleyale ukidhani ni tarakimu tupu. Bei chini ya elfu moja haina koma, kwa hiyo 800 inapita. Ukifuta na kuandika upya kwa vidole, kibodi ya namba haina koma, nayo inapita. Ndiyo maana ni lazima bei isiguswe ili ajali itokee. Hatua na logi vilikuwa vinasema jambo moja kwa lugha mbili.

Logi hii ina mipaka yake. Kwanza, mapipa hayo huzunguka: yakijaa, ya zamani yanafutwa, na simu ikizimwa yanaondoka. Kwa hiyo ichukue mara baada ya ajali. Ikiwa ajali ilitokea jana na kisa hakijirudii, kuna ghala jingine ambamo mfumo huhifadhi nakala za ajali, kwa kawaida hadi siku tatu, hata simu ikizimwa na kuwashwa:

```
adb shell dumpsys dropbox --print data_app_crash > jana.txt
```

Napenda sana faili la namna hii kwa sababu linataja pia toleo la programu iliyojifunga. Na toleo ndilo mpaka wa pili. Wasanidi wengi hubana majina ndani ya programu kabla ya kuitoa, ili iwe nyepesi. Logi inayotoka hapo haisemi Rekebisha.hifadhi, inasema kitu kama `b.c.a.f.onClick`. Tunayo ramani ya kurudisha majina halisi, faili la mapping.txt, lakini kila toleo lina ramani yake. Ukimwambia msanidi wa namna hiyo "toleo jipya" naye ametoa matatu ndani ya wiki, anaweza kutumia ramani isiyo yake na kupelekwa kwenye mstari usiohusika kabisa. Andika 2.3.1, tarakimu zote tatu.

Ripoti nzima ya simu

Njia ya tatu ni ile simu inayoitengeneza yenyewe. Ndani ya chaguo za wasanidi kuna sehemu ya kuchukua ripoti ya hitilafu, na unaweza kuipata kwa waya pia kwa `adb bugreport`. Simu inachukua dakika moja au mbili, kisha inatoa faili la zipu lenye karibu kila kitu: logi zote, hali ya kumbukumbu, betri, mitandao, programu zilizomo.

Faida yake kubwa ni kwamba haihitaji kompyuta. Mama wa Kariakoo angeweza kuichukua akiwa amekaa nyuma ya meza yake. Faida ya pili inaonekana pale ajali isipokuwa ajali ya kweli. Programu ikiganda, skrini ikakataa mguso, na simu ikakuuliza kama usubiri au uifunge, hakuna FATAL EXCEPTION itakayoandikwa. Pipa la ajali litakuwa tupu, na mtu ataniambia "logi haina kitu". Hali ni hiyohiyo simu ndogo inapoishiwa kumbukumbu na mfumo ukaua programu ili kupata nafasi: unarudi kutoka kwenye kamera na kukuta daftari limeanza upya, bila dirisha lolote la kosa. Kwa visa hivyo viwili logi fupi haisaidii, na ripoti nzima inabeba ushahidi wa kilichokuwa kinaendelea. Kwa hiyo ukichukua logi fupi ukaona haina jina la programu husika, hiyo yenyewe ni dalili ya kuhamia kwenye ripoti nzima, na uniandikie kwamba pipa lilikuwa tupu.

Gharama zake ni mbili. Ya kwanza ni uzito: kutoka megabaiti chache hadi makumi, kutegemea simu. Kwa bando la siku hilo linauma. Ya pili ndiyo inayonifanya nisiiombe ovyo. Ndani ya zipu hiyo mnaweza kuwa na majina ya akaunti zako za barua pepe, majina ya mitandao ya waifai uliyoiunga, orodha ya programu zako zote na hata taarifa za mahali ulipo. Ni vitu vyako, na kwenye simu ya duka vinaweza kugusa watu wengine waliokuamini. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nami nikipokea faili la namna hiyo nina wajibu kwa kilichomo. Kwa hiyo usilirushe kwenye kundi la Wasapu lenye watu mia mbili. Mtumie msanidi peke yake, na mwombe alifute akimaliza. Hata logi fupi ipitie kwa macho kwanza: umeona kwamba ile ya juu imeandika maandishi yaliyokuwa kwenye kisanduku. Leo ilikuwa bei, kesho inaweza kuwa namba ya simu ya mteja. Namba hiyo ibadilishe, mfano 07XXXXXXXX, ila hesabu ya tarakimu, nafasi na koma ziache kama zilivyokuwa, kwa sababu mara nyingi kosa linakaa kwenye umbo la maandishi.

Ningechagua ipi

Ukiwa na kompyuta na programu imejifunga kwa dirisha la kosa, tuma logi fupi pamoja na hatua. Ajali ikiwa ya jana, tumia ile amri ya dropbox. Programu ikiganda au ikitoweka bila neno, au huna kompyuta kabisa, chukua ripoti nzima. Picha iache kwa mambo ya kuonekana.

Na ikiwa una muda wa kufanya kimoja tu, andika hatua. Logi bila hatua inanionyesha mahali programu ilipoangukia, lakini siwezi kujua ilifikaje hapo, na nikirekebisha siwezi kuthibitisha kwamba nimeponya. Hatua bila logi zinanipa nafasi ya kuiangusha programu mwenyewe hapa Sinza, kwenye simu yangu, na logi nitaichukua mwenyewe. Hatua za kijana zingenitosha hata kama ajali.txt isingekuwapo.

Msanidi akikujibu kwamba kwake haitokei, usichukulie kwamba anakukatalia. Rudi kwenye hatua zako, zifuate neno kwa neno, bila kutumia mazoea ya vidole, na utafute ulichokiruka kwa sababu kwako ni cha kawaida. Mara nyingi ni kitu kilichokuwapo kabla ya hatua ya kwanza: mauzo yaliyohifadhiwa na toleo la zamani, simu isiyo na nafasi, lugha ya simu.

Nilirekebisha kwa kuitunza bei kama namba pembeni, na kisanduku kikabaki cha kuonyesha tu. Toleo 2.3.2 nilimtumia kijana kwanza. Alirudia hatua zake nne, akapata 25,000, kisha bila kuombwa akajaribu 999 na 1,000, pale koma inapoanza. Jioni nikampigia mama. Nilimwamkia, nikamwomba afungue kitenge cha 12,500, asiguse bei, abadilishe idadi, ahifadhi. Nikasikia kimya kidogo, halafu akasema, "Imekubali, mwanangu. Ngoja nijaribu na ile ya laki moja na ishirini."